Irabu Moja

Maneno yenyewe ya hadithi ya Mtume kijana alikuwa nayo tayari, kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya kilemba. Angeweza kuyasoma gizani: "Wenye kuhurumia, Mwingi wa Rehema huwahurumia. Wahurumieni walio ardhini, aliye mbinguni..." Hapo ndipo alipokwama, Baghdadi, mwaka 240 wa Hijria.

Karatasi haikuwa na irabu. Walioandika kwa haraka katika darasa za msikitini waliandika herufi tupu. Neno la kuhurumia hapo lilisomeka *yarhamkum*, mimu ya kwanza ikiwa na sukuni, bila irabu, na maana yake ikawa ahadi: hurumieni, naye atawahurumieni. Lilisomeka pia *yarhamukum*, kwa dhuma, irabu ya u, likawa dua: hurumieni, Mwenyezi Mungu awahurumieni. Aliyempa karatasi hakuisikia kwa mtu, aliinakili. Alipoulizwa irabu, alisema, "Soma upendavyo." Usiku ule kijana hakulala.

Sufyani bin Uyayna, aliyeipokea kwa Amri bin Dinari, alikwisha kufa Makka mwaka 198. Ila palikuwa na mzee mmoja Nishapuri, aliyekaa mbele ya Sufyani akiwa mtoto, na masikio yake bado yalikuwa hai.

Kijana aliuza joho lake la baridi na vitabu viwili, akafuata msafara wa njia ya Khurasani. Walipita Hulwani, wakapanda milima hadi Hamadani, na huko akalijutia lile joho, maana theluji ilimkuta na shuka tu. Alifika Rayi akikohoa, msafara ukamwacha.

Aliyemchukua ni mvulana mchunga nyumbu, mwenyeji wa pale, aliyekuwa akirudisha nyumbu watatu kwa tajiri wake Nishapuri. Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni. Hakujua kusoma. Kila jioni aliwapangusa nyumbu majasho kwa majani makavu, akiwakagua kwato moja moja kwa kidole gumba, na hakula kabla hawajala. Siku ya nne baada ya Damghani, kijana alimhimiza wasafiri usiku.

"Mzee anaweza kufa kesho," alisema.

"Huyu ana kidonda mgongoni," mvulana akajibu, akamshusha mizigo nyumbu wa mwisho na kuibeba mwenyewe.

Walilala pale pale. Kijana aliona uchungu, kisha akaona haya, kwa kuwa karatasi ilikuwa kilembani mwake.

Nishapuri waliingia asubuhi, maji yakisikika chini ya barabara, katika mifereji iliyochimbwa ardhini kutoka milimani. Mzee alikuwa nyumbani, ameegemea mto, meno mawili tu yamebaki. Mvulana alimfikisha mgeni wake hadi mlangoni, akachutama kizingitini kwa sababu viatu vyake vilikuwa na matope.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Baghdadi, Shekhe."

"Kwa ajili ya nini?"

"Hadithi moja. Ile ya rehema, uliyoisikia kwa Sufyani."

Mzee alinyamaza kitambo. "Moja tu?"

"Moja tu, Shekhe. Na ndani yake, herufi moja."

Hakucheka. Aliomba maji, akasukutua, akajiweka sawa kwenye mto kama mtu anayejitayarisha kuswali. Kisha akataja njia yake, mtu kwa mtu: Sufyani, kutoka kwa Amri, kutoka kwa Abu Qabusi, kutoka kwa Abdallah bin Amri bin Al-As, kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Akaisoma hadithi yote. Alipofika kwenye neno lile, midomo yake ilijikusanya mbele, duara, na sauti ikatoka: *yarhamukum*.

"Rudia, Shekhe, tafadhali."

Akairudia mara tatu. Mara zote midomo ilijikusanya.

Kijana alitoa wino na kalamu ya utete. Juu ya mimu aliweka dhuma, ndogo kama mdudu, akaipuliza ikauke. Ndiyo kwanza karatasi ile ikawa yake. Juu ya hadithi akaandika neno lake, *haddathani*, amenihadithia, kama aandikavyo mtu aliyesikia peke yake.

Nyuma yake akasikia mnong'ono. Mvulana, kichwa kimeegemea mwimo wa mlango, alikuwa akiyarudia maneno taratibu kwa Kiarabu chake cha sokoni, na neno lile alilitamka kwa dhuma.

Kijana alichukua kisu cha kuchongea kalamu. Akakwangua ile yaa ya mwisho, polepole asije akatoboa karatasi, na mahali pake akasimamisha alifu: *haddathana*. Ametuhadithia.

Kisha akageuka kumuuliza mvulana jina lake.