Kulala hosteli wiki ya tesi

1
Chumba watu wanne, taa haizimwi, tesi Jumatatu. Unalala saa ngapi?

2
Anza na saa ya kuamka. Ya kulala hosteli haikuachii uipange. Una kipindi saa 1 asubuhi? Amka saa 11 na nusu, hata siku usiyo na kipindi. Jumapili ongeza lisaa, hatukusemi.

3
Simu ichajiwe mbali na mto. Kengele ikilia, itabidi uinuke.

4
Ongeeni na rumeti mapema, kabla hamjanuniana. Taa kubwa izimwe saa 5; anayeendelea kusoma awashe ya mezani au aende maktaba. Muziki, hedifoni. Anayerudi usiku wa manane asiburute ndoo.

5
Kahawa, enaji na kola zina kafeini. Zikikukodolesha macho usiku, zihamishie asubuhi.

6
Umekesha? Inatokea. Jipumzishe kidogo baada ya chakula cha mchana, na kengele uitege.

Maelezo ya posti: Haya ni mazoea ya kujaribu, si tiba. Usingizi ukikusumbua kwa muda, pita zahanati ya chuo. Mtagi rumeti wa kuburuta ndoo.