Kuhusu: Mshahara na cheo kwenye barua ya ajira, nafasi ya Msimamizi wa Ghala, Kisumu

Nakuru, 12 Mei 2025

Bi. Akoth, habari za leo?

Nashukuru kwa barua ya ajira niliyoipokea Ijumaa. Nafasi hii bado naitaka, tena sana, na ndiyo maana naandika kabla ya kutia sahihi. Kuna sehemu mbili ambazo hazilingani na tulivyokubaliana kwa simu Jumanne, tarehe 6 Mei.

Nianze na mshahara. Kwenye simu mlinitajia mshahara wa msingi wa Sh85,000 kwa mwezi, na marupurupu ya nyumba ya Sh15,000 juu yake, yaani jumla ya Sh100,000 kabla ya makato. Barua, ukurasa wa pili, kipengele cha 4, inasema: "mshahara wa jumla wa Sh85,000, ukijumuisha marupurupu ya nyumba." Nambari 85,000 ni ile ile, kwa hivyo nilipoisoma haraka niliona kila kitu kiko sawa. Ila maneno yanayoifuata yanaondoa Sh15,000 kila mwezi, ambazo kwa mwaka ni Sh180,000.

Najua kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kuunganisha pesa za nyumba na mshahara, mradi mkataba useme hivyo. Sipingi utaratibu huo. Kama kampuni hulipa kwa mtindo wa jumla, basi na iandikwe Sh100,000 kwa jumla, mimi sitalalamika. Makato ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75 na ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 hukatwa kwenye mshahara wa jumla, kwa hivyo hesabu yangu ya kitakachobaki mkononi niliifanya nikianzia laki moja. Ninahama Nakuru na familia, na nyumba niliyoiona Migosi niliipima kwa hesabu hiyo hiyo.

La pili ni cheo. Tulizungumza kuhusu Msimamizi wa Ghala, na hata tangazo la kazi lilisema hivyo. Barua inasema "Karani Mkuu wa Ghala." Ningedhani ni tofauti ya maneno tu, lakini maelezo ya kazi mliyoambatanisha bado ni ya msimamizi: kushika funguo, kutia sahihi hati za kupokea mzigo, kuwasimamia makarani wawili, na kujibu upungufu wowote unaoonekana bidhaa zikihesabiwa mwisho wa mwezi. Ghalani anayetia sahihi ndiye anayeulizwa. Sina tatizo na kuulizwa, ni kazi ninayoifanya hata sasa. Ninachoomba ni kwamba cheo kiendane na hayo majukumu. Mkaguzi akija, au siku moja nikihitaji barua ya ushuhuda wa kazi, kitakachosomwa ni cheo kilicho kwenye mkataba.

Baada ya simu ile nilikuandikia ujumbe kwa WhatsApp jioni hiyo hiyo nikiyarudia makubaliano: cheo, 85,000 ya msingi, 15,000 ya nyumba, kuripoti tarehe 16 Juni. Ulinijibu, "Sawa kabisa, barua inaandaliwa." Nimeambatanisha picha ya ujumbe huo, pamoja na ukurasa wa pili wa barua nikiwa nimepigia mstari sehemu ninazozitaja. Nahisi huenda barua ilitolewa kwenye nakala ya nafasi nyingine, jambo ambalo hutokea.

Naomba mnitumie barua iliyorekebishwa, yenye cheo cha Msimamizi wa Ghala na mshahara kama tulivyoafikiana. Na ikiwa bajeti imebadilika tangu tuongee, tafadhali niambie wazi ni nini kilichobadilika, tuzungumze upya kabla sijasaini chochote.

Kuna jambo la muda pia. Barua yenu inataka nijibu kufikia Ijumaa tarehe 16. Mwajiri wangu wa sasa ninapaswa kumpa notisi ya siku 28, na nikiipeleka Ijumaa hiyo nitamaliza tarehe 13 Juni, niripoti kwenu Jumatatu inayofuata. Notisi sijaipeleka, na sitaipeleka kabla ya kupata barua iliyo sawa. Nikiipata Alhamisi, tarehe ya kuripoti itabaki ilivyo. Ikichelewa, nitaomba tuisogeze mbele kwa siku zile zile zilizochelewa.

Napatikana kwa simu kuanzia saa kumi na moja jioni, nikishatoka kazini. Tukiongea, nitaomba tutakachokubaliana kiingizwe kwenye barua yenyewe.

Wako mwaminifu,
Wekesa

Viambatanisho: picha ya ujumbe wa WhatsApp wa 6 Mei, ukurasa wa pili wa barua ya ajira