Kwa nini tunafunga: kwa majirani zetu wa Ujiji

Habari za jioni majirani. Hapa niko kibarazani kwangu Ujiji, nyuma yangu hapo mnaona sufuria la uji na sahani ya tende, na mimi sijagusa kitu toka alfajiri. Hata maji. Ndio swali mnaloniulizaga kila mwaka Ramadhani ikifika, "hata maji?" Ndio jirani, hata maji.

Sasa sikilizeni. Redioni Dar wameshaadhini magharibi, wenzetu wanakunywa uji saa hii, sisi huku Kigoma jua bado liko juu ya ziwa, tunasubiri kama dakika 40 zaidi maana tuko magharibi mbali. Hatuonewi lakini, asubuhi na sisi tumechelewa kuanza. Ila kiu ya hizi dakika 40, we acha tu. Na hapo ndani kuna mtungi wa maji ya baridi, nikiingia nikapiga kikombe kimoja nikafuta mdomo nikarudi kukaa hapa, nani atajua? Mke wangu hatajua, shehe hatajua, nyie wala hamtajua. Sinywi kwa sababu Mungu ananiona. Basi funga yenyewe ndio hiyo, njaa ni njia tu ya kufika hapo.

Kurani inasema tumefaradhishiwa kufunga kama walivyofaradhishiwa waliokuwa kabla yetu, ili tuwe wacha Mungu. Kwa hiyo nyie mnaofunga Kwaresima hili jambo si geni kwenu. Mtu akizoea mwezi mzima kuacha maji yake mwenyewe, ya halali, basi kuacha cha mwenzake kunakuwa rahisi. Na ukishinda na njaa afu ukasengenya watu na kutukana, umejitesa bure.

Sio kila mtu anafunga. Mgonjwa, msafiri, mjamzito au anayenyonyesha akihofia afya, hao wana ruhusa, mwanamke akiwa kwenye siku zake hafungi kabisa anakuja kulipa baadaye, na watoto wadogo hawalazimiki. Kwa hiyo ukimuona Muislamu anakunywa maji mchana usimuulize mbele za watu tafadhali, hujui ana nini.

Kingine, jirani yangu mmoja mwaka jana alikuwa anawafungia wanae ndani wakila mihogo ili nisione. Roho iliniuma sana. Waacheni watoto wale nje, mimi nimefunga kwa hiari yangu, nyie hamjafunga. Ukinipikia dagaa zako za mawese zikanukia mpaka huku ndo kwanza nazidi kukumbuka kwa nini nimekaa hapa.

Na Ramadhani inarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka maana tunafuata mwezi, ndo maana mnaona mara masika mara kiangazi.

Ehee, tulieni... mnasikia? Hiyo adhana ya kwetu sasa. Bismillahi. Jirani, vuka basi, tende zipo na uji bado wa moto.