Teksi imegoma alfajiri

Saa kumi usiku, giza totoro, mama mjamzito ananisubiri nimpeleke hospitali, nazungusha ufunguo gari linafanya tik tik tik basi, taa za dashibodi zinafifia. Moyo ukanilipuka. Nikafungua boneti nikamulika na simu, betri yenyewe niliibadilisha juzi tu kwa hiyo sikutaka kuamini imekufa, nikashika terminali ya hasi, loh, inacheza kama jino bovu! Ndani imejaa unga mweupe. Nikaivua, nikaikwangua kwa msasa mpaka risasi ikang'aa, nikairudisha nikakaza nati kwa spana namba 10. Nikapiga stata, likawaka mara moja. Nikampigia mumewe, "Kaka mtoeni nje, nakuja."