Muswada wa Video: Kitambaa Kimoja, Mavazi Matano

Video ya wima, uwiano wa 9:16, fremu 30 kwa sekunde, muda wa sekunde 45.

Maandalizi. Kitambaa ni cha pamba nyepesi, sentimita 180 kwa 110, buluu iliyokoza, chenye mkanda wa manjano kwenye upande mmoja mrefu tu. Mkanda huo ndio shahidi wetu, kwa maana mtazamaji akishaona mkato wa kwanza huanza kushuku kwamba vitambaa ni viwili au vitatu. Kwa hiyo ni lazima uonekane katika kila vazi. Mwanamitindo anavaa kitopu cheusi kisicho na mikanda ya mabegani na taiti nyeusi, wala habadilishi chochote, isipokuwa mshipi mwembamba mweusi utakaoongezwa katika vazi la tatu. Kamera ikae juu ya tripodi, fokasi na mwanga vikiwa vimefungwa, na utepe ubandikwe sakafuni kuonyesha mahali pa nyayo, kwa sababu mwili ukisogea hata kidogo kati ya picha mbili, mpito huonekana umeruka.

Sekunde 0–4. Mwanamitindo amekishika kitambaa kwa pembe mbili za juu, kimetandazwa chote mbele yake.

MSIMULIZI: "Kitambaa ni hiki kimoja. Hakitakatwa, hakitashonwa, wala hakitabanwa kwa pini."

Anakirusha kuelekea kwenye lenzi. Fremu inapojaa buluu tupu, tunakata.

Sekunde 4–11, sketi. Buluu inaondoka kwenye lenzi, naye ameshavaa.

MSIMULIZI: "Sketi: zungusha kiunoni, kisha funga pembe mbili za juu kwenye nyonga."

Mkanda wa manjano uko chini, karibu na vifundo vya miguu. Anazunguka kuelekea kulia, na mkato unaangukia pale mgongo unapoielekea kamera.

Sekunde 11–20, gauni la kufunga shingoni. Anamalizia mzunguko uleule, kwa upande uleule na kwa kasi ileile.

MSIMULIZI: "Gauni: kitambaa kinaanzia mgongoni na kupita chini ya makwapa. Pembe zinapishana kifuani, zinafungwa nyuma ya shingo."

Hapa mkanda uko juu, hivyo mpishano wa kifuani unachora alama ya manjano inayoonekana hata kwenye skrini ndogo. Kamera isogee karibu kwa sekunde moja ili mikunjo ionekane. Kisha mwanamitindo anapeleka mikono kisogoni, anafungua fundo na kukivua kitambaa bila mkato wowote. Tendo hili lisifupishwe wakati wa kuhariri, kwani ndilo linalomthibitishia mtazamaji kwamba kinachovuliwa ndicho kitakachovaliwa tena. Anakipandisha kwa ghafla hadi kizibe lenzi.

Sekunde 20–28, bega moja. Kitambaa kinashuka kutoka kwenye lenzi.

MSIMULIZI: "Pitisha chini ya kwapa la kushoto, funga juu ya bega la kulia. Mshipi unashika upande ulio wazi."

Picha itoke upande wa kulia, mahali ambapo kitambaa kinafunguka. Anafungua fundo na mshipi, anashika pembe moja, na kukipiga kitambaa kama mjeledi kutoka kushoto kwenda kulia.

Sekunde 28–37, koti. Kitambaa kinaingia kutoka kushoto, tayari kimekunjwa kwa urefu. Hili ndilo vazi ambalo watu wengi hawatalitarajia, na kwa hiyo linaonyeshwa likifungwa mbele ya kamera.

MSIMULIZI: "Kunja katikati ili pande ndefu zikutane. Funga pembe mbili za ncha hii, na mbili za ncha ile. Mikono inapita kwenye matundu hayo."

Mkanda wa manjano sasa umekuwa ukosi unaozunguka shingo na kushuka kifuani. Anafungua mikono yote miwili ili upana wa mgongo uonekane, anajikunyata na kuinamisha kichwa hadi utosi ujaze fremu.

Sekunde 37–42, kilemba. Anainua kichwa.

MSIMULIZI: "Na kilemba, ncha moja ikining'inia begani."

Mkanda upite juu ya paji la uso. Vazi hili halihitaji maelezo zaidi.

Sekunde 42–45. Picha tano zinapita haraka kwa mpangilio wake, kila moja fremu 15.

MAANDISHI YA SKRINI: "Kitambaa 1, sentimita 180 × 110. Mafundo tu, na mshipi mmoja."

Kwa mhariri. Muziki ni ngoma tupu ya mapigo 120 kwa dakika, yaani pigo moja katika kila fremu 15, na kila mkato uangukie kwenye pigo. Chagua fremu ambayo mwendo umefifisha picha, kisha acha sauti halisi ya kitambaa kikipepea isikike juu ya ngoma. Efekti zilizo tayari kwenye programu zisitumike hata mara moja, kwani zitamfanya mtazamaji adhani kuna jambo tunalolificha.