Msingi Mpaka Paa: tangazo la spika la Mjengo Hadwea, Kawangware

Kauli yetu: Msingi mpaka paa, kwetu hakuna hadaa!

Litapigwa kwenye spika ya pikapu Jumamosi asubuhi, kuanzia steji ya 46 hadi Gatina. Dereva aende mwendo wa mkokoteni. Akipita kasi, watu watasikia kelele tu na maneno yatapotea.

*(Nyundo juu ya bati: ko! ko! ko-ko-ko! Mara nne. Halafu makofi yanashika mdundo.)*

MWIMBAJI:
Misumari nchi nne, twapima mbele ya macho,
Mizani na uione, upewe ulipiacho,
Hata robo tupatane, utabeba utakacho,

WOTE:
Msingi mpaka paa, kwetu hakuna hadaa!

*(Mdundo unashuka. Maji yanasikika: to… to… to…)*

MAMA: Hodi hapa! Kijana wangu, nipe mfereji mpya. Wa kwangu unadondoka usiku kucha, ndoo inajaa nikiwa nimelala.

MUUZAJI: Karibu mama. Umeubeba huo wa zamani?

MAMA: Huu hapa, kwa mfuko.

MUUZAJI: Ngoja niufungue. *(Spana inagusa chuma.)* Unaona hiki kipira cheusi huku ndani? Kimelika upande mmoja, ndiyo maana hata ukikaza maji yanapenya. Mfereji wenyewe ni mzima, mama. Badilisha kipira tu, shilingi 20.

MAMA: Ishirini! Na mimi nimekuja na 600!

MUUZAJI: Rudi nayo nyumbani mama, ununue unga.

*(Kimya kidogo hapa. Sehemu hii isikatwe hata tukipunguza tangazo, kwa sababu ndiyo duka letu lilivyo. Sauti ya maji haisikiki tena.)*

WOTE: Ukitaka kidogo, twakupa kidogo! Senti yako haiendi kombo!

*(Nyundo inarudi: ko! ko! ko-ko-ko!)*

MWIMBAJI:
Geji ndogo bati nene, kubwa, bati ni jepesi,
La ishirini na nane, halipindiki upesi,
Mvua na ipigane, utalala bila wasi,

WOTE:
Msingi mpaka paa, kwetu hakuna hadaa!

FUNDI: *(sauti nzito, ya mtu aliyetoka mjengo)* Bosi, simiti yako iko aje? Juzi mahali fulani niliuziwa mfuko una mabonge kama mawe. Mchanganyiko wote uliharibika, na mwenye nyumba akanikata siku.

MUUZAJI: Pole sana fundi. Ingia stoo ujionee mwenyewe. Bonyeza mfuko wowote kwa kidole kwenye kona. Ukisikia bonge, usiuchukue.

MWIMBAJI: *(haraka, kama anahesabu)*
Simiti haiko chini, imekaa kwenye mbao,
Kilo zake hamsini, kamili kwa wajengao!

FUNDI: Kweli imeinuliwa sakafuni, unyevu hauifikii. Nitolee mifuko 6 basi, na nondo, na karai moja.

MUUZAJI: Na mwiko?

FUNDI: Mwiko ninao, ni wa baba yangu. Huo siuachi.

*(Vicheko. Gurudumu la mkokoteni linalia kwenye kokoto.)*

MTANGAZAJI: Wa stima, waya ya 1.5 ya taa na 2.5 ya soketi tunazo, na tunakukatia kwa mita. Wa rangi, tuna ya maji na ya mafuta, brashi, msasa na thina. Wa bomba, kuna paipu, elbo, gundi na tepu ya uzi. Kufuli, bawaba, komeo, vyote viko. Ufunguo ukipotea, tunakuchongea mwingine ukisubiri.

Fundi, tunajua unaingia mjengo mapema, ndiyo maana tunafungua saa 12 na nusu asubuhi. Tunafunga saa 2 usiku. Ukinunua mzigo mzito, mkokoteni wetu utakufikishia Gatina au Kabiro, hadi mlangoni. Lipa taslimu au kwa M-Pesa. Kitu kikikataa kuingia, kirudishe na risiti kabla hakijatumika, tutakubadilishia bila maneno.

MAMA: *(kwa mbali, akiita jirani)* Mama Baraka! Ule mfereji wako unaovuja, usitupe! Upeleke kwa huyu kijana kwanza!

MWIMBAJI: Ukijenga, ukiziba…

WOTE: …Mjengo ndiko kwa tiba!

MWIMBAJI: Ukipaka, ukipaua…

WOTE: …Mjengo wanalijua!

MTANGAZAJI: Mjengo Hadwea, Barabara ya Naivasha, karibu na steji ya 46, mlango wa kijani wenye mabati yaliyosimamishwa nje.

WOTE: Msingi mpaka paa, kwetu hakuna hadaa!

*(Nyundo: ko! ko! ko-ko-ko! Pikapu ikisimama kwenye kona, rudia kuanzia mwanzo.)*