Picha za Harusi Yenu, Lamu: Vifurushi na Bei

Harusi ya Lamu haimaliziki kwa siku moja. Kuna usiku wa hina, kuna nikaha, kuna kupamba, na katikati yake kuna mambo yasiyoandikwa kwenye kadi yoyote: nyanya anayemfunga mjukuu wake kikuba cha asumini, baba anayejifuta jasho akingoja zamu yake ya kutamka "nimekuozesha". Hayo ndiyo mtakayoyatafuta kwanza albamu ikifunguliwa miaka ijayo, nasi tumejipanga kuwa karibu yanapotokea.

Nikaha: KSh 28,000

Mpiga picha mmoja, mwanamume, kwa saa nne. Anaanzia nyumbani kwa bwana harusi anapovalishwa joho na kilemba, anafuatana na jamaa hadi msikitini, na anamaliza bwana harusi akienda kumpa mkono mkewe. Mnapata picha 150 zilizosafishwa, ndani ya flashi, na 20 kati yake zimechapishwa kwa inchi 5 kwa 7.

Wakati wa akdi hatuwashi taa ya kamera kabisa. Walii na bwana harusi wameshikana mikono, watu wametulia wasikie "nimekubali", na si vyema mwanga umpige mtu usoni pale. Kamera zetu zinafanya kazi na mwanga wa msikitini.

Hina na Kupamba: KSh 48,000

Hapa wanafanya kazi wanawake wawili. Hakuna mwanamume wa studio yetu atakayevuka mlango, hata kwa kubeba stendi. Hina tunaipiga mara mbili: ikiwa mbichi mkononi, na asubuhi yake, ikishabanduliwa na kupakwa mafuta, rangi imekolea. Usiku wa kupamba tunakaa tangu bibi harusi akiwa kwa mpambaji hadi wageni wa mwisho waage. Tunapiga vazi, dhahabu na jukwaa, lakini pia mama, somo, makhalati na mashoga zake wanaocheza vugo.

Tunajua kinachowatia wasiwasi akina mama wengi: bibi harusi na wageni wamevua mabuibui, wamejipamba, kisha picha zinaonekana kwenye simu za watu wasiohusika. Kwa hivyo picha hizi zinasafishwa na wanawake wale wale waliozipiga. Haziwekwi mtandaoni wala kutundikwa studio, hata ya mikono yenye hina peke yake, mpaka bibi harusi mwenyewe aturuhusu kwa maandishi. Ruhusa ya mume au ya ndugu haitoshi. Kuchapisha tunachapisha wenyewe, studioni. Nakala tunazihifadhi kwa miezi 3 kwenye diski isiyounganishwa na mtandao, halafu tunazifuta.

Mnapata picha 300 zilizosafishwa, flashi mbili (ya bibi harusi na ya mama yake), na picha moja kubwa ndani ya fremu ya mbao.

Harusi Nzima: KSh 115,000

Ni vifurushi vyote viwili, pamoja na video ya dakika 15, albamu ya kurasa 40 yenye jalada gumu, na jioni moja ya maharusi wawili peke yao, Shela au ndani ya jahazi. Siku hiyo tutaichagua kwa kutazama maji, maana yakijaa njia ya ufuoni kati ya mji na Shela hufunikwa, na gauni halitasalimika. Video ya upande wa wanawake inakuwa kwenye flashi yake, mbali na ya nikaha.

Mengine ya kujua

Picha 10 za mwanzo zinafika kwa bibi harusi au bwana harusi ndani ya siku 3. Zilizobaki ni wiki 5, albamu wiki 8. Picha ambazo hazijasafishwa hatuzitoi. Saa ya ziada ni KSh 4,000.

Mjini, Shela na Matondoni hamlipi nauli. Mokowe, Pate, Siyu na Faza, nauli ya boti na malazi ni juu ya wenye shughuli.

Arbuni ni asilimia 40, inayoshikilia tarehe yenu. Asilimia 40 nyingine mnalipa siku ya kwanza ya shughuli, na 20 mkipokea kazi. Msiba ukitokea na harusi ikasogezwa, arbuni yenu inabaki hai kwa mwaka mzima, wala hatuongezi bei. Mkiahirisha kwa sababu nyingine, tuambieni wiki 3 kabla.

Mfungo mosi na likizo ya Desemba hujaa mapema, basi wekeni tarehe miezi 4 kabla. Tupo Langoni, mtaa wa nyuma ya Ngome, kila siku baada ya Alasiri isipokuwa Ijumaa. Bibi harusi akitaka kuzungumza na wapiga picha wanawake faraghani, wapo Jumamosi na Jumanne, na albamu za kuonyesha zimo zile tu ambazo wenyewe wameziruhusu.